Friza ya mtumba na muuzaji mwenye haraka: nianze na bei au na maswali?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mkolani hapa Mwanza. Jioni nauza sato na sangara wa kukaanga. Asubuhi nafuata samaki Mwaloni, Kirumba, na wakibaki usiku nawatoa kwa bei ya kutupa kwa sababu sina pa kuwahifadhi. Kikoba chetu kimenikopesha 400,000, nikaongeza akiba yangu ikafika 460,000. Nataka friza.*

*Nimeona mtandaoni tangazo la friza ya lita 200 ya kufungulia juu, muuzaji yuko Buswelu. Anataka 520,000. Mpya ya ukubwa huo madukani mjini nimeambiwa 780,000. Nikamwandikia, "Kaka, iko vizuri?" Akajibu, "Iko poa sana dada, haina shida yoyote, na juzi tu nimeijaza gesi mpya." Nikauliza imetumika muda gani, akasema miaka minne. Nikauliza kwa nini anauza, akasema anamuuguza mama yake Bugando na anahitaji hela. Nilipouliza tena akaandika, "Dada, unachukua au huchukui? Wako wawili wanaitaka." Sasa anasema nimtumie 100,000 ya kuishikilia.*

*Shemeji yangu anasema nisiulize ubovu kabla ya kukubaliana bei, maana ukiuliza sana muuzaji anajua umeipenda na hashuki tena. Rafiki yangu tunayeuza naye anasema nitafute kila kasoro, hata mkwaruzo, nimbane nayo. Mume wangu anasema namsumbua kijana wa watu mwenye mgonjwa, nimpe hiyo 460,000 yote mambo yaishe. Mimi mwenyewe naona aibu kumbana mtu mwenye shida, lakini hela ni ya mkopo na marejesho ni kila Jumamosi. Nianze na bei au na maswali? Na bei ya haki nitaijuaje?*

*Mama Sato, Mkolani*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya bei na kabla ya aibu, niruhusu nianze na gesi, kwa sababu hapo ndipo hela yako inapoweza kupotelea. Marehemu mume wangu alikuwa na karakana ya majokofu Nyakato, na mimi ndiye niliyekaa mezani kupokea wateja na malalamiko yao. Friza zilizotoka kujazwa gesi nilizizoea. Ile ile iliyotengenezwa mwezi uliopita inarudi tena, ila aliyeileta si yule wa mwanzo. Yule ameshaiuza, na aliyesimama mbele yangu ni mnunuzi.

Wengi wetu tunadhani gesi ya friza huisha kwa kutumika, kama ya mtungi wa kupikia. Haiishi. Imefungiwa ndani ya mabomba yasiyo na mlango, inazunguka kutoka kwenye kompresa kwenda kwenye kuta na kurudi, na friza nzima inaweza kuzeeka na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo mtu akisema ameijaza gesi, kuna mambo mawili makubwa ya kufikiria. Huenda kompresa ilibadilishwa, na hapo gesi mpya ni lazima kwa kuwa mabomba yalifunguliwa. Au kuna mahali palivuja, na swali linalobaki ni kama hapo mahali pamezibwa.

Pakivuja nyuma, karibu na kompresa, fundi anapaona, anapachomelea, na friza inaweza kuishi miaka mingine. Lakini friza za kufungulia juu kama hiyo mabomba yake ya ubaridi yamelala nyuma ya bati la ndani, yamezungukwa na lile povu gumu la kuzuia joto. Mtu akichokonoa barafu kwa kisu au bisibisi, anatoboa humo. Chumvi na maji ya samaki yakikaa chini muda mrefu, kutu inakula humo humo. Tundu la ukutani ni kazi ya kubomoa povu au kuzungushia mabomba mapya, na mafundi wengi hawaitaki. Wanachofanya ni kujaza gesi tu. Friza hiyo itagandisha vizuri leo, kesho na pengine wiki kadhaa, halafu taratibu barafu itaanza kukosekana upande mmoja, kompresa itaunguruma bila kupumzika, na siku moja utakuta samaki wanaelea kwenye maji.

Simwiti kijana huyo tapeli. Tapeli asingekutajia gesi kabisa. Yeye kaitaja kama sifa, na inaelekea fundi wake alimwambia "gesi ilikuwa imeisha" naye akaamini. Kwa hiyo ukimuuliza, muulize kama mtu anayetaka kujua, si kama aliyemkamata.

Sasa nije kwenye ushauri wa shemeji yako. Ana sehemu ya ukweli: namba ukishaitaja, kuirudisha nyuma ni vigumu, na ukikubali 450,000 kwa simu halafu ukaanza kutoa kasoro ukiwa uani kwake, utaonekana mgeugeu. Lakini hapo hapo ndipo ushauri wake unapojipinga. Ukikubaliana bei kabla ya kujua hali, umekubaliana bei ya kitu usichokijua, na kila utakachokikuta baadaye kitakuwa ugomvi. Na hilo la kwamba maswali yanampandishia bei muuzaji, mimi sijaliona sana. Ninaloliona ni kwamba maswali ya moja moja yanamchosha. Leo moja, kesho jingine, na yeye ana wengine wanaomwuliza hivyo hivyo na hawatokei. Akikuuliza "unachukua au huchukui" hajakukatalia kusema. Anataka kujua kama wewe ni mnunuzi.

Halafu angalia namna ulivyouliza. "Iko vizuri?" ina jibu moja tu duniani. Muulize kitu ambacho hawezi kukijibu kwa kusifia: tarehe, picha, kazi aliyoifanya fundi. Na yote yaende kwa mkupuo mmoja, pamoja na uhakika kwamba hela unayo. Kwa mfano hivi:

"Kaka habari za leo, mama anaendeleaje? Mimi ni mnunuzi kweli, hela ninayo mkononi. Naomba unijibu haya kwa pamoja nisikusumbue tena. Gesi ilijazwa lini, na fundi alikuta inavuja wapi? Kompresa ni ile iliyokuja nayo au ilibadilishwa? Naomba namba ya fundi huyo, picha ya kile kibandiko cha maelezo, na picha ya nyuma pale kompresa ilipo. Risiti ya dukani ipo? Mambo yakiwa sawa nakuja na usafiri, na tukielewana nalipa hapo hapo. Ila usiku wa kuamkia siku hiyo naomba uizime, uiache tupu na mfuniko wazi."

Anayeuza kwa shida ya kweli atalipenda neno "nalipa hapo hapo" kuliko maneno yote ya mnunuzi mwingine. Asipojibu swali la gesi lakini akajibu mengine yote, hilo nalo ni jibu, ingawa si la mwisho. Pengine hajui.

Picha hizo si za urembo. Kwenye kibandiko utasoma volti, ujazo, na aina ya gesi, mara nyingi R134a au R600a. Kama imeandikwa R600a, muulize fundi wake alijaza ipi. R600a inawaka moto, hupimwa kwa mizani kwa sababu kiasi chake ni gramu chache, na mafundi wasio na mizani wakati mwingine huweka R134a badala yake. Kompresa iliyotengenezewa moja haifanyi kazi vizuri na nyingine. Kwenye picha ya nyuma tafuta kijibomba kinene cha shaba, kama kidole, kilichounganishwa kwenye bomba jembamba karibu na kompresa. Hicho ni kichujio, mafundi wanakiita draya. Fundi mwangalifu akifungua mabomba hubadilisha draya na kuvuta hewa yote kwa mashine kabla ya kujaza. Kwa hiyo gesi mpya inatakiwa iende pamoja na draya mpya, shaba yake bado inang'aa na alama za kuchomelea zinaonekana. Ukikuta gesi "ya juzi" na draya ya kale yenye vumbi la miaka minne, basi inaelekea fundi alijaza juu kwa juu, na palipovuja huenda hapakuguswa.

Tuseme majibu yamekuridhisha na umefika Buswelu. Kitu cha kwanza shika kompresa kwa kiganja. Ikiwa ya baridi, kweli ilizimwa. Ikiwa ya moto, iliwashwa kabla hujafika, na barafu unayoiona si ya mbele ya macho yako. Sina maana uondoke, ila hapo jaribio lako halijaanza.

Iwashe, funga mfuniko, kaa. Kompresa inatakiwa ianze mara moja na kuunguruma kwa sauti moja. Ikitoa mlio wa "tak", ikanyamaza, ikajaribu tena baada ya dakika chache, kuna shida ya kuanzia, iwe ni rilei, kile kifaa kidogo cha kuiamsha kompresa, ambayo ni ya bei nafuu, au kompresa yenyewe ambayo siyo. Uliza kwanza kama umeme wa mtaa huo uko chini saa hizo, maana umeme hafifu huleta dalili hiyo hiyo. Na usiizime ukaiwasha papo hapo. Friza nzima nayo hukataa kuanza kabla ya kupumzika dakika tano hivi, utaihukumu bure.

Baada ya robo saa papasa kuta za nje. Friza nyingi za kufungulia juu hutolea joto kwenye kuta hizo, kwa hiyo uvuguvugu ni dalili njema. Baada ya nusu saa hadi saa moja fungua utazame ndani, na hapa tazama kwa makini kuliko popote. Ukungu mweupe wa barafu unatakiwa utande kuta zote nne, juu hadi chini. Ukitanda upande mmoja, au ukaishia katikati ya ukuta na kwingine kukabaki pakavu, gesi haitoshi. Kama juzi ilijazwa na leo haitoshi, hapo huhitaji fundi akuambie.

Ukipata muda zaidi, zungusha kile kitufe cha ubaridi hadi namba ya chini. Friza ikishapoa inatakiwa ijizime yenyewe, kisha iwake tena baadaye. Isiyojizima kabisa ina themostati mbovu au ina gesi pungufu, na zote mbili utazilipia kwenye LUKU. Mwisho chukua noti, ibane kwenye mfuniko, uivute. Ikitoka bila kukwama, raba imechoka hapo. Rudia pande zote, pembeni hasa.

Mwanangu, jaribio hilo lina mpaka wake. Tundu dogo halionekani kwa saa mbili wala kwa siku nzima. Ndiyo maana nilianza na maneno ya fundi na draya, na ndiyo maana hatari inayobaki inabidi iingie kwenye bei.

Bei ya haki, basi. Hakuna kitabu kilichoiandika, ila kuna namna ya kuitafuta ambayo hata muuzaji anaweza kuifuata na kuiona. Anza na mpya: 780,000, tena ikiwa na dhamana ya duka. Ya miaka minne iliyo nzima, ambayo haijawahi kufunguliwa, mimi ningeipa zaidi kidogo ya nusu, tuseme 430,000. Mwingine angesema 450,000 na nisingegombana naye. Kisha toa yale yanayotengenezeka, kwa bei ya fundi na si ya kubuni. Mpigie fundi wa karibu yako kabla hujaenda, muulize raba ya friza ya lita 200 na themostati ni kiasi gani pamoja na kazi. Kwa mfano akisema 30,000 na 25,000, na wewe umekuta vyote viwili vimechoka, 430,000 imekuwa 375,000. Hapo humbani mtu. Unamwonyesha hesabu.

Rafiki yako alikosea hapa tu, kwenye mikwaruzo. Mkwaruzo haupunguzi ubaridi. Ukianza kulalamikia rangi iliyochubuka na bati lililobonyea, ukifika kwenye raba atakuwa ameshaacha kukusikiliza, na haki yake. Ningelitaja bonyeo moja tu: lililo ndani, chini au ukutani, lenye alama ya ncha kali. Hilo si la sura. Ni dalili ya kisu.

Gesi ni habari nyingine. Huwezi kutoa shilingi elfu hamsini za gesi kwenye hesabu ukaendelea, kwa sababu kama tundu liko ukutani, unachonunua si friza pungufu. Ni boksi lenye kompresa. Kama kompresa ilibadilishwa na fundi anathibitisha, hatari imepungua sana, na kusema kweli hapo muuzaji ana haki ya kudai zaidi, kwa kuwa kompresa mpya ina maisha marefu kuliko ya zamani. Kama palivuja nyuma na pamechomelewa, fundi wako akipaona, mnaweza kubaki kwenye 375,000 hiyo. Kama hakuna anayejua palivuja wapi, una njia kama tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuibeba hatari mwenyewe na kulipwa kwa kuibeba. Unamwambia, "Kaka, hatujui ilivuja wapi, na ikifa ni mimi. Nakupa 300,000 leo, na sitarudi kudai." Anaweza kukasirika na kuwapa wale wawili. Anaweza pia kukubali kwa sababu mgonjwa hasubiri. Wewe unabaki na 160,000 mkononi ya kuanzia upya mambo yakiharibika.

Ya pili ni kugawana hatari. Mnakubaliana 375,000, unatoa 275,000 leo, na 100,000 baada ya mwezi kama bado inagandisha kuta zote. Mnaandikiana, kila mmoja na shahidi wake, ikibidi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Anayeiamini friza yake hatakuwa na sababu kubwa ya kukataa. Ila mwenye mgonjwa anahitaji hela leo, kwa hiyo akikataa usilichukue kuwa ushahidi wa hila. Na wewe nawe ujiulize kama utaweza kuiacha hiyo 100,000 bila kuigusa mwezi mzima, na marejesho yanapita kila Jumamosi.

Ya tatu ni kuiacha. Friza za mtumba zinatangazwa kila siku, na ukishajua cha kuuliza, ya pili utaikagua haraka zaidi. Gharama yake ni wiki nyingine za kutupa sato usiku, jambo ambalo si dogo kwako. Wapo pia wanaochukua mpya ndogo, ya lita 100 hivi, yenye dhamana, kwa hela ambayo wangelipia kubwa ya mtumba. Kaulizie bei zake mjini kabla hujaamua kwamba mpya si ya kwako. Na kwenye kibandiko cha friza yoyote tafuta pameandikwa inagandisha kilo ngapi kwa saa 24. Za majumbani uwezo wake mara nyingi ni mdogo kuliko ujazo wake, kwa hiyo ukiijaza samaki wabichi kwa mara moja hadi juu, wa katikati watachelewa kuganda hata kama friza ni nzima kabisa.

Kuhusu mama wa Bugando na aibu yako. Mumeo ana moyo mzuri, na mimi nisingependa uupoteze huo moyo nyumbani kwako. Ila 460,000 yote ikienda, hapo hapo unabaki huna nauli ya kirikuu, huna hela ya fundi wa kwenda naye, wala ya ile friji gadi ya kuilinda na umeme wetu unaopanda na kushuka. Kama ni kweli anauguza, na sina sababu ya kusema si kweli, shida yake haibadilishi hali ya kompresa. Unaweza kununua kwa bei ya kitu chenyewe, kisha ukatoa elfu kumi ukasema, "Hii ni ya kumpelekea mama matunda." Nadhani utajisikia vizuri zaidi kuliko ukificha msaada ndani ya bei, halafu friza ikifa ukabaki na kinyongo juu ya mtu mwenye mgonjwa. Ila hilo ni la kwako na mumeo. Labda mwende wote Buswelu, na yeye aishike hiyo kompresa.

Ile 100,000 ya kuishikilia ndiyo inayonipa wasiwasi. Hela ikishaingia kwenye simu ya mtu na akaitoa, kuirudisha ni safari ndefu, na wewe hujamwona mtu, hujaiona friza, hujui kama picha za tangazo ni za kwake. Akisema bila hiyo atawapa wengine, anaweza kuwa anasema kweli, na unaweza kuikosa. Kama unaogopa sana kuikosa, kuna ya katikati: nenda leo leo, uione ikiwaka, kisha umwachie kianzio kidogo mkononi mbele ya shahidi, kwa maandishi yanayosema kwamba jaribio la kesho likishindikana kinarudi.

Chochote mtakachoongea kwenye simu usikifute. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, anayeuza chake cha nyumbani habebeshwi dhamana ya ubora kama mwenye duka, lakini kitu alichokiuza kwa maelezo kinatakiwa kilingane na maelezo hayo. "Miaka minne" na "haina shida yoyote" aliziandika yeye. Risiti ya dukani nayo iombe kwa adabu. Inathibitisha hiyo miaka minne, na inakuonyesha mali imetoka wapi. Akiwa ameipoteza, jina lake na namba ya friza kutoka kwenye kibandiko viingie kwenye hati ya mauziano.

Ukiichukua hii au nyingine yoyote, isafirishwe imesimama wima. Kutoka Buswelu hadi Mkolani ni mwendo, na wabebaji hupenda kuilaza ili wasiisumbukie. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hupanda kwenye mabomba. Ikitokea imelazwa, iache imesimama hadi kesho yake ndipo uiwashe. Na kama kijana akikujibu hilo swali la gesi kabla hujaenda, nitumie jibu lake pamoja na picha ya draya. Bado ninao mafundi wawili watatu wa pale Nyakato ninaoweza kuwauliza.

Shangazi